Risiti imeenda na kiasi kibaya, umetuma meseji ya kusahihisha, na mteja kajibu kitu cha ajabu: tatizo liko wapi

Natunza vitabu vya hesabu vya watu wenye biashara ndogo, na kitu ninachoitiwa mara nyingi kuliko hesabu zenyewe ni meseji. Mtu amepokea malipo, ametuma risiti, kumbe kiasi kwenye risiti sio chenyewe, anaandika meseji ya kushukuru na kurekebisha, halafu mteja anajibu kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Hapo ndo simu inakuja kwangu: "Hebu soma hii, nimekosea wapi?"

Basi nimezoea kuanzia kwenye jibu la mteja, sianzi na meseji. Jibu lake ndo dalili, ukilisoma vizuri linakwambia meseji yako ilivunjika sehemu gani. Nitapita zile ninazokutana nazo sana, ya kwanza nitakaa nayo muda mrefu maana nusu ya matatizo yanaishia hapo hapo.

Ila kabla hujagusa meseji yoyote, jua kwanza kipi ndo kibaya. Kiasi kinakaa sehemu tatu: kwenye akaunti pesa ilipoingilia, kwenye daftari lako (au eksel, au programu unayotumia), na kwenye risiti uliyomtumia mteja. Zifungue zote tatu kwa pamoja. Akaunti ikisema kitu kimoja na daftari likakubaliana nayo, basi imekosewa karatasi tu, kazi ni ndogo. Kama daftari nalo lina kosa lile lile la risiti basi salio la mteja pia limeharibika, na inawezekana ukumbusho wa deni ulioutuma juzi nao ulikuwa wa uongo. Hizo ni meseji mbili tofauti kabisa, watu wanaandika moja kwa hali zote mbili afu wanashangaa.

Dalili: mteja anauliza "kwa hiyo hiyo tofauti nilipe lini?"

Hii ndo malkia wa dalili zote. Chukua kesi moja niliyoishughulikia. Fundi wa fanicha alikuwa na oda ya meza za ofisi, ankara namba 62, jumla 800,000. Mteja akalipa awamu ya kwanza 540,000. Fundi akakaa usiku akaandika risiti namba 0117, akaweka 450,000, salio 350,000, akaituma. Kesho yake akaangalia akaunti akaona kosa, akaandika hivi:

> Habari dada, asante sana kwa malipo yako ya 540,000 tunashukuru sana kwa kutuamini. Samahani kulitokea makosa tuliandika 450,000 hivyo kuna tofauti ya 90,000 na salio lako ni 260,000 badala ya 350,000. Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza.

Jibu: "Sawa, hiyo 90 nitaimalizia mwisho wa mwezi."

Fundi akaniambia mteja hajui kusoma. Hapana, mteja kasoma vizuri tu. Hesabu idadi ya viasi kwenye ile meseji, ni vitano, na vyote viko kwenye pumzi moja. Kuna kilichopokelewa, kilichoandikwa, tofauti, salio jipya na salio la zamani. Mtu anayesoma meseji ya pesa akiwa kwenye foleni au kikaoni anatafuta kitu kimoja tu, nadaiwa ngapi, na neno "tofauti" likikaa karibu na namba basi kwake hilo ni deni. Ni mazoea, miaka yote tofauti kwa mteja imekuwa pesa ya kuongeza.

Kwa hiyo chanzo hapa sio lugha mbaya wala ukosefu wa heshima. Chanzo ni namba ambayo haina kazi. Ile 90,000 ilikuwa na kazi kwenye daftari la fundi, ndiyo iliyomwonyesha kosa lilikotoka (nitaeleza mbele), ila kwa mteja haina maana yoyote, hadaiwi wala hadai. Salio la zamani nalo ni hivo hivo, ni namba iliyokufa, ukiitaja tena unaifufua.

Tulichofanya ni kubakiza viasi vitatu tu, kila kimoja na aya yake na kitenzi chake: tumepokea, risiti ilisema, salio ni. Meseji ya pili ikawa hivi:

> Habari za mchana dada. Asante, malipo yako ya tarehe 14 tumeyapokea yote, 540,000.
>
> Risiti namba 0117 niliyokutumia jana nilikosea mimi kuandika, inasema 450,000. Naomba usiitumie, iliyo sahihi ni namba 0121, nimeiambatanisha hapa.
>
> Salio la ankara namba 62 sasa ni 260,000, la kulipwa siku ya kukabidhi meza kama tulivyokubaliana. Kwa leo hakuna kitu unachotakiwa kulipa wala kufanya.

Angalia sentensi ya mwisho. Watu wengi wanaiona ya ziada, mimi naiona ndo iliyobeba meseji nzima, kwa sababu mteja akipokea ujumbe wowote wa pesa swali lake ni "natakiwa nifanye nini", na kama jibu ni "hakuna" basi liandike waziwazi usimwachie akisie. Angalia pia neno "yote" kwenye mstari wa kwanza, hilo linamtuliza kabla hajafika kwenye kosa. Shukrani yenyewe ni neno moja tu, asante, likiwa limeshikamana na tarehe na kiasi halisi. Shukrani yenye tarehe na kiasi ina uzito kuliko "tunashukuru sana kwa kutuamini" ambayo angeweza kutumiwa mtu yeyote.

Kuna kitu kingine kwenye dalili hii hii. Ukituma meseji mbaya mara moja, meseji ya pili isianze na "kama nilivyosema". Andika upya kama vile ya kwanza haikuwepo, na mstari mmoja juu: "Meseji yangu ya asubuhi ilichanganya, soma hii badala yake." Ukianza kueleza meseji ya kwanza ilimaanisha nini, unakuwa na mteja mwenye meseji mbili na risiti mbili na namba nane kichwani.

Kosa lilitokea vipi (lijue hata kama hulisemi)

Fundi aliniuliza atamwelezaje mteja kosa lilivyotokea. Jibu langu: kwa maneno mawili, "nilikosea kuandika". Basi. Mteja hahitaji historia ya umeme kukatika. Ila wewe unahitaji kujua, maana chanzo ndo kinachoamua kama risiti nyingine za wiki ile nazo ni mbovu.

Hapa ndo tofauti ina kazi yake. Igawe kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki kitu, shaka ya kwanza ni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi au sifuri iliyozidi au kupungua. Ile 90,000 ukiigawa kwa 9 unapata 10,000, yaani moja na masifuri, hapo unajua tarakimu mbili zinazotofautiana kwa moja zimegeuzana, na kweli ni 5 na 4 kwenye 540,000. Na kama angeandika 54,000 tofauti ingekuwa 486,000, gawa kwa 9 unapata 54,000, yaani kiasi chenyewe kidogo kinakurudia, hiyo ndo alama ya sifuri iliyopotea. Watunza vitabu wanautumia huu ujanja tangu zamani kabla ya kompyuta. Hauthibitishi kitu peke yake, tofauti nyingine zinagawanyika kwa 9 kwa bahati tu, lakini unakwambia uanze kuangalia wapi.

Ikiwa haigawanyiki, na ni ndogo, fikiria makato. Mteja katuma 200,000 imeingia 197,500 kwa sababu kuna ada ya kutuma imekatwa njiani. Hapo hakuna aliyekosea, na ukiandika meseji ya "kusahihisha" unamfanya mtu ajione amelipa pungufu wakati kwake imetoka pesa kamili. Amua kwanza nani anabeba makato. Kama ni wewe, mwandikie risiti ya 200,000 kamili, ile 2,500 iingie kwenye gharama zako, na mteja asisikie habari hiyo kabisa. Kama mlikubaliana abebe yeye, mwambie, ila usiite kosa, sema imeingia kiasi hiki baada ya makato.

Na ikiwa tofauti ni asilimia safi ya ankara, tuseme mbili au tano kamili, uliza kama mteja amekata kodi ya zuio kabla ya kulipa. Sehemu zenye kodi hiyo, kampuni inakata sehemu ya malipo yako inaipeleka serikalini kwa jina lako. Hiyo sio deni, ukimtumia meseji kwamba bado anadaiwa utaaibika. Unachohitaji kwake ni cheti cha zuio, na meseji inageuka kuwa shukrani na ombi la cheti.

Dalili: mteja anatuma skrinshoti na maneno makali

"Mimi nimetuma 540 na ushahidi huu hapa." Ukiona skrinshoti ujue mtu amejisikia anatuhumiwa. Rudi kwenye meseji yako utafute nani ametajwa kwenye sentensi ya kosa. Mara nyingi hakuna aliyetajwa, na hapo ndo tatizo. "Kumetokea utofauti kwenye malipo yako." Malipo ya nani? Yake. Basi utofauti nao ni wake. Ukiandika "kulitokea makosa" bila kusema nani kakosea, msomaji anajaza pengo mwenyewe, na kwa kuwa jina lake pekee ndo liko kwenye meseji, anajiweka yeye.

Dawa yake ni fupi, nafsi ya kwanza. Nilikosea. Tulikosea kuandika. Kosa ni letu. Kiswahili kina tabia ya kuficha mtendaji, "imeandikwa", "imerekodiwa", na ofisini tumeipenda hiyo kwa sababu inasikika ya kistaarabu, ila kwenye meseji ya pesa inasikika kama mtu anakwepa. Afu linganisha "malipo yako hayakuwa sahihi" na "risiti yetu haikuwa sahihi". Badilisha nomino tu, kisu kinageuka upande.

Na samahani moja inatosha. Nimeshaona meseji ina samahani nne, radhi mbili na "usumbufu wowote ule uliojitokeza". Mteja anayepokea msamaha mkubwa hivo anaanza kudhani kuna kosa kubwa zaidi ambalo bado halijasemwa.

Kama skrinshoti imeshakuja, usibishane nayo. Jibu: "Ndiyo, ndiyo hiyo hiyo 540,000 tuliyoipokea. Risiti yetu ndiyo iliyokosea." Mtu anapoa palepale.

Dalili: mteja anajibu "karibu sana!" na haongezi kitu

Hii inaonekana nzuri, kumbe ndo ya hatari. Amesoma asante akafunga. Wiki tatu baadaye analipa salio kutoka kwenye risiti ya zamani, anakuletea 350,000 wakati unamdai 260,000, na sasa una kazi ya kurudisha pesa.

Chanzo ni mpangilio. Simu inaonyesha mstari mmoja au miwili ya kwanza kabla mtu hajafungua, na kama mistari hiyo yote ni shukrani na kuulizia familia basi ameshapata alichodhani ni meseji nzima. Heshima yetu inataka tusalimie kwanza, sawa, salimia, lakini salamu na asante zikae kwenye mstari mmoja na kosa liwe la pili, lisiwe la sita. Kama unatuma kwa barua pepe una bahati, kichwa cha barua kinaweza kubeba kazi: "Asante kwa malipo, na risiti sahihi badala ya namba 0117". Mtu akisoma hicho peke yake ameshaelewa.

Kwenye dalili hii mimi huomba kitu kimoja tu kidogo kwa mteja, anijibu "nimeipata 0121". Sio "tafadhali thibitisha kupokea" ile ya kiofisi ambayo kila mtu anairuka, namwomba ataje namba. Akitaja namba najua amefungua faili sahihi.

Dalili: mhasibu wa mteja anauliza ni ipi kati ya hizi mbili

Hapa meseji inaweza kuwa safi kabisa, tatizo likawa kwenye karatasi iliyoambatanishwa. Mtu amefungua risiti ile ile 0117, akabadilisha kiasi, akaihifadhi tena, akatuma. Sasa mteja ana risiti mbili zenye namba moja, tarehe moja na viasi viwili. Yule dada mliyekuwa mnaongea naye anaweza asijali, ila siku mhasibu wake akifunga vitabu au mkaguzi akipita, karatasi mbili zenye namba moja ni harufu ya kitu kibaya, na itakayotiliwa shaka ni biashara yako.

Namba ya risiti haitumiki mara mbili. Ile yenye kosa unaifuta kwa maana ya kuandika juu yake "IMEFUTWA" na sababu na tarehe, kopi yako inabaki kwenye faili, huichani wala huidiliti. Mpya inapata namba inayofuata kwenye mfululizo, kwa kesi yetu ilikuwa 0121 maana 0118 mpaka 0120 zilishatoka kwa watu wengine, na chini yake unaandika "Inachukua nafasi ya risiti 0117 iliyofutwa." Tarehe ya kupokea malipo inabaki ya siku pesa ilipoingia, tarehe ya kutoa risiti ni ya leo, hizo ni tarehe mbili usizichanganye. Nimeshaona mtu kaandika tarehe ya leo tu na mteja akaonekana kachelewa kulipa, akakasirika kwa haki.

Kama unatoa risiti kwenye mashine au mfumo uliounganishwa na mamlaka ya kodi, mara nyingi huwezi kuifuta mwenyewe hivi hivi, kuna utaratibu wake wa kurekebisha. Fuata huo kwanza ndo utume meseji. Usimwahidi mteja risiti mpya leo wakati mfumo wako unataka hatua mbili kabla.

Dalili: kimya, au mteja anapiga simu namba yako ya zamani kuuliza kama ni wewe kweli

Hongera, una mteja mwenye akili. Meseji isemayo "kuna marekebisho kwenye malipo yako" ikiwa na linki ndani yake, kutoka namba ambayo hajawahi kuiona, inafanana neno kwa neno na meseji za matapeli. Yeye kanyamaza kwa sababu anaogopa kubonyeza.

Tuma kutoka njia ile ile mliyotumia kutumiana risiti ya kwanza, ikiwezekana kwa kujibu juu ya ile ile meseji ya risiti ili historia ionekane. Weka vitu ambavyo ni ninyi wawili tu mnavijua, namba ya ankara, tarehe ya malipo, kazi yenyewe (zile meza). Risiti ambatanisha kama faili, usiweke linki. Na hii naisisitiza: usiandike namba ya akaunti ndani ya meseji ya kusahihisha. Hata kama kuna salio, andika "kwa akaunti ile ile iliyo kwenye ankara". Mbinu ya kubadilisha akaunti katikati ya mawasiliano ndo inayoibia watu pesa, na ukimzoesha mteja kupokea akaunti kwenye meseji za marekebisho umemfungulia mlango yule mwingine.

Kesi ngumu: uliandika zaidi ya alicholipa

Mpaka hapa tumekuwa tukimpa mteja habari njema, kalipa zaidi ya tulivyoandika. Sasa igeuze. Ankara namba 70 ni ya 320,000. Pesa ikaingia, mwenye biashara akaona taarifa ya benki kwa haraka, akachukua kiasi kutoka kwenye ankara akaandika risiti ya 320,000, asante sana, deni limekwisha. Siku nne baadaye tunalinganisha vitabu na benki, imeingia 302,000. Tofauti 18,000, igawe kwa 9 ni 2,000, ndo yale yale ya tarakimu kubadilishana, ila safari hii aliyegeuza ni mteja wakati anatuma.

Kwa hiyo wamekosea wote wawili. Mteja alituma pungufu bila kujua na sisi tukampa karatasi ya kwamba kamaliza. Na hiyo karatasi ndo inayofanya iwe ngumu, kwa sababu kwenye kichwa chake deni lilishakufa, unakuja kulifukua.

Hapa sitaki meseji ndo iwe ya kwanza. Piga simu. Meseji ya kuongeza deni ikifika bila mtu kutaarifiwa inasomwa kwa sauti mbaya kuliko uliyoiandikia, hata ukiweka asante tatu. Kwenye simu anza na la kwako: "Kaka, nilikuandikia risiti bila kuangalia benki, hapo nilikosea. Sasa nimeangalia naona imeingia 302,000. Hebu angalia na wewe kwako inasemaje." Halafu nyamaza. Mwache aangalie mwenyewe. Akikuta 302,000 kwenye simu yake hutahitaji kumwambia kwamba amekosea, na mtu akijiambia mwenyewe hana wa kumkasirikia. Akikuta 320,000 imetoka kweli, basi kuna pesa imekwama au imekatwa njiani na mnahitaji namba ya muamala kufuatilia, sio meseji ya deni. Ndo maana naisema hii simu kabla ya kitu kingine chochote, ungeandika ungekuwa umeshamdai mtu ambaye pesa yake imekwama.

Mkishakubaliana ndo meseji inafuata, kwa ajili ya kumbukumbu tu:

> Asante kaka kwa muda wako asubuhi, na kwa malipo ya tarehe 3. Kama tulivyoangalia pamoja, kilichoingia ni 302,000.
>
> Risiti namba 0140 niliyoandika 320,000 nimeifuta, niliitoa kabla ya kuhakikisha benki. Mpya ni namba 0146, ipo hapa chini.
>
> Ankara namba 70 imebaki 18,000. Unaweza kuilipa pamoja na oda ijayo, kwa akaunti ile ile iliyo kwenye ankara.

Hapa umeona ile tofauti imeandikwa, kinyume na kesi ya meza. Safari hii 18,000 ni deni kweli, ina kazi, ndo maana imepata nafasi. Na nimeipa muda wa kulipwa unaoendana na ukubwa wake. Kudai 18,000 "ndani ya siku saba" kwa mtu uliyemwambia kamaliza ni kujitafutia ugomvi wa bure. Ingekuwa nusu ya ankara ningeandika tarehe.

Kuna wanaoniuliza, si bora kusamehe tu hiyo 18,000 kuliko aibu yote hii? Inawezekana, ni pesa yako. Ila hata ukisamehe risiti haibaki 320,000, kwa sababu hukupokea 320,000. Inakuwa risiti ya 302,000 na punguzo la 18,000 unaloliandika kwenye ankara waziwazi, na meseji inasema hivyo hivyo. Vinginevyo daftari na benki havitakubaliana hata siku moja, na mwezi ujao utakaa tena usiku kutafuta 18,000 uliyoisamehe mwenyewe.

Yule fundi wa meza, kwa taarifa tu, alijibiwa neno moja baada ya meseji ya pili: "0121". Salio akaletewa siku ya kukabidhi, 260,000 kamili. Risiti ya awamu hiyo aliniletea niikague kabla ya kutuma, na mwaka aliokuwa ameweka ulikuwa wa jana.